Thamani singula kutoka AᵀA: mwongozo kamili wa kutenganisha matriksi kwa mkono

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua matriksi A, tafuta transposi yake Aᵀ, zidisha upate AᵀA, tafuta thamani aigeni za zao hilo, kisha toa kipeuo cha pili cha kila moja. Namba utakazopata ndizo thamani singula za A. Wengi huikariri hivyo na kupita mtihani nayo, lakini swali la msingi hubaki palepale: kwa nini kipeuo cha pili, na kwa nini AᵀA, si A yenyewe? Ukishapata jibu la swali hilo, hatua zote zinazofuata zinajieleza. Kwa hiyo nitaanza nalo, kisha tutaitenganisha matriksi moja ndogo mwanzo hadi mwisho kwa kalamu na karatasi.

Nachukulia kwamba unajua kuzidisha matriksi, kutafuta determinanti ya matriksi ya 2 kwa 2, na kwamba umeshakutana na vekta aigeni: vekta ambayo matriksi ikiizidisha haitoki kwenye mstari wake, inazidishwa tu kwa namba, na namba hiyo ndiyo thamani aigeni. Transposi ya A ni matriksi ileile ambayo safu wima zake zimegeuzwa kuwa safu mlalo.

Kipeuo cha pili kinatoka wapi

Matriksi ni mashine ya kubadilisha vekta. Unaipa vekta v, inakurudishia vekta nyingine, Av, ambayo kwa kawaida ina mwelekeo mpya na urefu mpya. Tuachane na mwelekeo kwanza tuulizie urefu peke yake: A inairefusha v kwa kiasi gani?

Urefu wa vekta tunaupata kwa Pithagora, yaani tunajumlisha miraba ya viambajengo vyake kisha tunatoa kipeuo cha pili. Kwa lugha ya matriksi, mraba wa urefu wa vekta ni vekta hiyo ikizidishwa na transposi yake yenyewe. Sasa fanya hivyo kwa Av:

```
|Av|² = (Av)ᵀ(Av) = vᵀ Aᵀ A v
```

Hapo katikati AᵀA imejitokeza yenyewe, hatukuilazimisha. Matriksi hiyo ndiyo inayobeba habari zote za urefu: ukimpa mtu AᵀA, hata kama hajawahi kuiona A, anaweza kukuambia vekta yoyote itatoka na urefu gani. Lakini anachokokotoa ni mraba wa urefu, si urefu.

Chukua basi v iwe vekta aigeni ya AᵀA, yenye urefu wa 1, na thamani aigeni yake iwe λ. Mlinganyo wa juu unakuwa vᵀλv, yaani λ mara mraba wa urefu wa v, yaani λ. Kwa hiyo |Av|² = λ, na |Av| ni kipeuo cha pili cha λ. Hicho ndicho tunachokiandika σ na kukiita thamani singula. Thamani aigeni ya AᵀA ni mraba wa urefu, na kipeuo cha pili kinaturudisha kwenye urefu wenyewe.

Mambo mawili yanafuata bila jasho. La kwanza, λ haiwezi kuwa hasi, kwa sababu ni mraba wa urefu. Ukipata thamani aigeni hasi kwenye AᵀA, umekosea hesabu, na hakuna haja ya kuendelea mpaka uipate ilipokosewa. La pili ni zito zaidi. AᵀA ni matriksi linganifu, yaani ukiigeuza kuwa transposi inabaki ileile, na matriksi linganifu ya namba halisi daima ina vekta aigeni za kutosha zinazokutana kwa nyuzi 90. Tuziite v₁ na v₂. Angalia kinachotokea A inapozipokea zote mbili:

```
(Av₁)ᵀ(Av₂) = v₁ᵀ(AᵀA v₂) = λ₂ v₁ᵀv₂ = 0
```

Zimeingia zikiwa na nyuzi 90 kati yake, na zimetoka zikiwa na nyuzi 90 kati yake. Vekta nyingine nyingi zenye pembe mraba hupindwa na A zikatoka zimeinamiana. Hizi ndizo zinazosalimika. Eugenio Beltrami wa Italia aliuchapisha utenganisho wa matriksi unaojengwa juu ya vekta hizi mwaka 1873, na Camille Jordan wa Ufaransa akafuata mwaka 1874, kila mmoja akiwa ameufikia kwa njia yake.

Kwa jicho la jiometria, chora duara la nusu kipenyo 1 kisha pitisha kila nukta yake ndani ya A. Linatoka duaradufu. Thamani singula kubwa ni umbali kutoka katikati ya duaradufu hiyo hadi ncha yake ya mbali zaidi, na thamani ndogo ni umbali hadi ukingo wake wa karibu zaidi.

Matriksi tutakayoitenganisha

```
      1  0
A  =  0  1
      1  2
```

Ina safu mlalo 3 na safu wima 2, kwa hiyo inapokea vekta za bapa na kutoa vekta za anga ya pande tatu. Nimeichagua isiwe ya mraba kwa makusudi: matriksi kama hii haina thamani aigeni kabisa, kwa sababu kinachoingia na kinachotoka havina hata idadi moja ya viambajengo. Thamani singula inazo kama matriksi nyingine yoyote.

Lengo ni kuiandika A kuwa zao la matriksi tatu, A = UΣVᵀ. Safu wima za V ni zile vekta v, safu wima za U ni mielekeo ambayo vekta hizo hutokea, na Σ ina thamani singula kwenye ulalo wake na sifuri kwingine kote.

Hatua ya 1: kokotoa AᵀA

Njia ya haraka ni kukumbuka kwamba kila kiambajengo cha AᵀA ni zao la nukta la safu wima mbili za A. Safu wima ya kwanza ni (1, 0, 1), ya pili ni (0, 1, 2). Ya kwanza kwa yenyewe inatoa 1 + 0 + 1 = 2. Ya kwanza kwa ya pili inatoa 0 + 0 + 2 = 2. Ya pili kwa yenyewe inatoa 0 + 1 + 4 = 5.

```
AᵀA  =  2  2
        2  5
```

Kabla ya kusonga mbele, jumlisha ulalo: 2 + 5 = 7. Sasa jumlisha miraba ya viambajengo vyote vya A: 1 + 1 + 1 + 4 = 7. Lazima namba hizi mbili zilingane kila mara. Zisipolingana, rudi kwenye mazao ya nukta.

Tungeweza pia kutumia AAᵀ. Thamani aigeni zake zisizo sifuri ni zilezile, ila AAᵀ hapa ni ya 3 kwa 3 na ingetuletea mlinganyo wa kipeo cha tatu bila faida yoyote. Ukiwa unafanya kwa mkono, chagua ile iliyo ndogo. Matriksi ikiwa pana kuliko urefu wake, anza na AAᵀ, uanze kupata vekta u, kisha v zitokane nazo.

Hatua ya 2: thamani aigeni, kisha kipeuo

Tunataka λ inayofanya determinanti ya AᵀA − λI iwe sifuri:

```
(2 − λ)(5 − λ) − 4 = 0
λ² − 7λ + 6 = 0
(λ − 6)(λ − 1) = 0
```

Basi λ₁ = 6 na λ₂ = 1. Jumla yake ni 7, sawa na ulalo, na zao lake ni 6, sawa na determinanti 2×5 − 2×2. Toa vipeuo: σ₁ = √6, yaani karibu 2.449, na σ₂ = 1. Tunaziandika kuanzia kubwa kwenda ndogo, na mpangilio huo tutaushika kwa vekta zote zinazofuata.

Hatua ya 3: vekta v

Kwa λ = 6, safu mlalo ya kwanza ya AᵀA − 6I inatoa −4x + 2y = 0, yaani y = 2x. Vekta (1, 2) inatosha. Urefu wake ni √5, kwa hiyo tunaigawanya ili urefu uwe 1. Kwa λ = 1 tunapata x + 2y = 0, na vekta (2, −1) inatosha, nayo ina urefu √5.

```
v₁ = (1, 2)/√5
v₂ = (2, −1)/√5
```

Zao la nukta la (1, 2) na (2, −1) ni 2 − 2 = 0. Zina nyuzi 90 kama nadharia ilivyoahidi.

Hapa inafaa kusimama kidogo tujaribu ile habari ya urefu kwa namba. Ukiipa A vekta (1, 0), inatoa (1, 0, 1), yenye urefu √2, karibu 1.414. Ukiipa (0, 1), inatoa (0, 1, 2), yenye urefu √5, karibu 2.236. Ukiipa v₁, unapata (1, 2, 5)/√5, na mraba wa urefu wake ni 30/5 = 6, urefu √6, karibu 2.449. Jaribu vekta yoyote nyingine ya urefu wa 1 kwenye bapa. Hutapata inayorefushwa kupita 2.449, wala inayotoka fupi kuliko 1.

Hatua ya 4: vekta u, kwa kuipitisha v ndani ya A

Kila u ni Av iliyogawanywa kwa σ yake, ili nayo iwe na urefu wa 1:

```
u₁ = Av₁/σ₁ = (1, 2, 5)/√30
u₂ = Av₂/σ₂ = (2, −1, 0)/√5
```

Hakiki pembe: 1×2 + 2×(−1) + 5×0 = 0. Sawa.

Kama unataka U iwe ya mraba, 3 kwa 3, unahitaji u₃ moja zaidi inayokutana kwa nyuzi 90 na zote mbili. Kutoka u₂ tunapata 2a − b = 0, yaani b = 2a. Ukiiweka kwenye u₁, a + 4a + 5c = 0, yaani c = −a. Kwa hiyo u₃ = (1, 2, −1)/√6. Vekta hii inazidishwa na sifuri kwenye Σ na haichangii chochote kwenye A, ndiyo maana mara nyingi naiacha na kutumia umbo fupi lenye safu wima mbili tu za U.

Hatua ya 5: rudisha A

Usiache hatua hii. Badala ya kuzidisha matriksi tatu kwa mpigo, jumlisha vipande: kila kipande ni σ mara u mara transposi ya v. Kwa kipande cha kwanza, √6 juu ya √30 × √5 inakuwa 1/5, na kwa cha pili, 1 juu ya √5 × √5 nayo inakuwa 1/5. Vipeuo vyote vimeondoka:

```
          1   2              4  −2            5   0
A = 1/5 · 2   4    +   1/5 · −2   1   =  1/5 · 0   5
          5  10              0   0            5  10
```

Gawanya kwa 5, A imerudi kama ilivyokuwa.

Vipande hivi viwili havina uzito sawa. Cha kwanza peke yake ni matriksi ambayo safu mlalo zake zote ni vizidishio vya (1, 2): (0.2, 0.4), (0.4, 0.8) na (1, 2). Safu mlalo ya tatu ya A imeingia humo nzimanzima, na kosa lote limebaki kwenye safu mbili za juu. Ukitupa kipande cha pili, jumla ya miraba ya kilichopotea ni 1, yaani σ₂², kati ya jumla yote ya 7. Carl Eckart na Gale Young walionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna matriksi ya ranki 1, yaani ambayo safu mlalo zake zote ni vizidishio vya safu moja, itakayoikaribia A kuliko kipande hiki, ukipima kosa kwa jumla ya miraba. Ufupishaji wa picha na data kwa njia hii unasimama juu ya nadharia hiyo: unabakisha vipande vyenye σ kubwa na kuacha vyenye σ ndogo.

Panapoharibika

Kosa linalojificha kuliko yote ni la alama. Mtu anatafuta v kutoka AᵀA, halafu anatafuta u kutoka AAᵀ kama kazi mbili tofauti. Kila vekta aigeni inaweza kuandikwa kwa alama chanya au hasi, na AAᵀ haijui v₂ yako uliiandikaje. Tuseme kutoka AAᵀ umepata u₂ = (−2, 1, 0)/√5. Ni vekta aigeni halali, ina urefu wa 1, ina nyuzi 90 na u₁. Lakini ukijumlisha vipande unapata:

```
−0.6  0.8
 0.8  0.6
 1    2
```

Hii si A. Na ubaya wake ni huu: kokotoa transposi yake mara yenyewe, utapata 2, 2, 2, 5 zilezile. Thamani singula zake ni √6 na 1, sawasawa na za A, kwa hiyo ukihakiki namba hizo peke yake hutagundua lolote. Kinachokuumbua ni kurudisha A. Dawa ni kuchagua v kwanza, kisha kuacha u itokane na Av/σ kama tulivyofanya. Ukigeuza alama ya v, u inageuka pamoja nayo na zao linabaki lilelile.

Kosa la pili ni kutumia thamani aigeni za A yenyewe pale A inapokuwa ya mraba. Chukua matriksi yenye safu mlalo (1, 1) na (0, 1). Thamani zake aigeni ni 1 na 1, na mtu angedhani hairefushi kitu. Lakini AᵀA yake ina viambajengo 1, 1, 1, 2, mlinganyo wake ni λ² − 3λ + 1 = 0, na thamani singula zinatoka karibu 1.618 na 0.618. Kuna mwelekeo inaourefusha kwa zaidi ya asilimia 60, na thamani aigeni hazikuuonyesha. Hizi mbili zinalingana pale tu A inapokuwa linganifu na isiyo na thamani aigeni hasi. Ikiwa linganifu yenye thamani aigeni −3, thamani singula yake ni 3.

Jambo la tatu si kosa, ila huwakwamisha watu: λ ikiwa 0. Hapo σ ni 0, Av nayo ni sifuri, na huwezi kugawanya kupata u. Itafute u hiyo kama tulivyoitafuta u₃, kwa sharti la nyuzi 90 na zile ulizokwisha kuzipata. Idadi ya thamani singula zisizo sifuri ndiyo ranki ya matriksi.

Kwenye kompyuta

Kuhakiki kazi ya mkono kwa Python ni mistari michache:

```python
import numpy as np
A = np.array([[1, 0], [0, 1], [1, 2]])
print(np.linalg.eigvalsh(A.T @ A))
U, s, Vt = np.linalg.svd(A, full_matrices=False)
print(s)
print(U @ np.diag(s) @ Vt)
```

`eigvalsh` inapanga kuanzia ndogo, kwa hiyo utaona 1 kisha 6, ilhali `svd` inaanza na kubwa: 2.449 kisha 1. `Vt` tayari imeshageuzwa, hivyo vekta v ni safu zake mlalo. Jozi ya u na v ikitoka na alama kinyume na zako, zote mbili kwa pamoja, usihangaike nayo.

Lakini kwa data halisi usipite njia ya AᵀA ndani ya programu, japo kwa mkono ndiyo njia bora. Tazama matriksi yenye safu mlalo (1, 1), (e, 0) na (0, e), ambapo e ni 10⁻⁹. Kwa karatasi, AᵀA ina 1 + e² kwenye ulalo na 1 pembeni, thamani aigeni zake ni 2 + e² na e², na thamani singula ndogo ni e kamili, 10⁻⁹. Kompyuta inatunza takriban tarakimu 16, na e² ni 10⁻¹⁸. Ukijumlisha 1 na 10⁻¹⁸ inabaki 1. Matriksi iliyohifadhiwa ni ya namba 1 tupu, na thamani singula ya pili imeshapotea kabla hata hujaanza kutafuta thamani aigeni. Utakachopata ni 0, au takataka ya mviringisho, pengine hata namba ndogo hasi inayokataa kutolewa kipeuo. Kukokotoa AᵀA kunapandisha kwenye mraba uwiano kati ya σ kubwa na σ ndogo, na tarakimu zinaisha mapema.

Gene Golub na William Kahan walichapisha mwaka 1965 njia inayoikwepa AᵀA: inaizungusha A yenyewe kutoka kushoto na kulia mpaka zibaki namba kwenye ulalo na mstari mmoja juu yake, kisha inatafuta thamani singula kutoka hapo. `np.linalg.svd` nayo haiundi AᵀA, inaanza kwa kuizungusha A kwa namna hiyo. Ipe matriksi ile yenye e, nayo itakurudishia thamani ndogo iliyo karibu sana na 10⁻⁹.